Fangasi ya kinywani inayorudi kila mara: anzia kwenye meno bandia

Mtu akiota utando mweupe mdomoni, duka la dawa humpa matone ya nistatini na mara nyingi hupona. Mvaaji wa meno bandia hupewa matone hayohayo, akapata nafuu kidogo, kisha hali ikarudi. Mwongozo huu ni wa huyo wa pili, pamoja na yule anayemuuguza nyumbani.

Fangasi wenyewe, kandida, huishi kwenye vinywa vya watu wengi wazima bila kudhuru. Mate huwaosha na kinga ya mwili huwazuia wasizidi. Ukivaa meno bandia ya juu, plastiki yake hufunika kaakaa lote na mate hayapiti tena hapo chini. Plastiki hiyo ina vitundu visivyoonekana kwa macho, na fangasi hujikita humo pamoja na bakteria, wakatengeneza utando unaong'ang'ania. Kwa hiyo makao yao makuu ni meno bandia, na kaakaa linaambukizwa upya kila unapoyavaa. Meno ya chini hayaleti shida hii sana kwa kuwa mate hupita kirahisi.

Hatua ya 1: Vua, kisha tazama

Simama penye mwanga, vua meno, inua kichwa mbele ya kioo. Kaakaa lililoathirika huwa jekundu, na wekundu huo unafuata mpaka wa meno bandia kana kwamba umechorwa. Wengi hawasikii maumivu yoyote, ndiyo maana mtu anaweza kukaa nalo miaka. Ukiona kidonda kimoja kinachouma pembeni, pale ukingo unapogusa fizi, hiyo kwa kawaida ni michubuko ya meno yasiyokaa vizuri, si fangasi.

Utando mweupe nao upimwe. Funga shashi safi kidoleni ufute taratibu. Wa fangasi hutoka kama maziwa mgando na kuacha pekundu, pengine patoe damu kidogo. Doa jeupe lisilofutika kabisa usilipake dawa ya fangasi ukasubiri. Mwone daktari wa meno, maana baadhi ya madoa hayo huhitaji kukatwa kipande kikapimwe saratani.

Kagua pia pembe za mdomo. Meno yaliyovaliwa miaka mingi husagika, uso ukajikunja, mate yakatuama kwenye mikunjo na ngozi ikachanika.

Hatua ya 2: Uliza kwa nini mwili umeruhusu

Hapa ndipo watu huruka haraka. Waliomo hatarini zaidi ni wenye kisukari kisichodhibitiwa, wanaoishi na VVU, waliotumia antibayotiki karibuni, wanaovuta dawa ya pumu yenye steroidi bila kusukutua, waliopigwa mionzi kichwani au shingoni, wenye upungufu wa damu, wavutaji sigara, na wazee ambao dawa zao za kila siku hukausha mdomo. Mtoto mchanga wa wiki chache kuwa na utando ni jambo la kawaida. Lakini mtu mzima asiye na meno bandia wala sababu nyingine akipata utando unaojirudia, apimwe sukari na VVU.

Hatua ya 3: Safisha meno bandia

Yavue kila usiku. Yasugue nje na ndani kwa brashi laini na sabuni ya kawaida juu ya beseni lenye maji, ili yakiponyoka yasivunjike. Dawa ya meno iache, kwa kuwa inakwaruza plastiki na mikwaruzo ni maficho mapya. Maji ya moto nayo huyapinda.

Kama hayana chuma chochote, yaloweke kwenye Jiki isiyo na manukato. Chupa ya asilimia 3.5 changanya kipimo 1 na maji vipimo 6, dakika 10, zisizidi. Suuza sana, kisha yalaze kwenye maji safi hadi asubuhi. Yenye chuma usiyaweke kwenye Jiki kwa sababu itakula chuma. Yaloweke kwenye dawa ya kusukutua ya klorheksidini ya asilimia 0.2 dakika 15, mara mbili kwa siku. Jiki isichanganywe na sabuni, siki wala dawa nyingine ya usafi.

Hatua ya 4: Dawa iguse kaakaa

Chukua mfano wa bibi mmoja niliyemhudumia, wa miaka 68, mwenye kisukari anayemeza glibenklamidi. Alikuwa amepakwa GV, ile dawa ya rangi ya zambarau, akapewa nistatini mara mbili, na bado kaakaa lilikuwa jekundu na pembe za mdomo zimechanika. Nikamuuliza, "Bibi, usiku unayavua?"

"Niyavue, mwanangu, wajukuu wanione kibogoyo?"

Na dawa je? Alikuwa anadondoshea ulimini meno yakiwa ndani, kisha anameza papo hapo. Kwa maneno mengine, dawa haikuwahi kufika penye ugonjwa.

Tukabaki na nistatini ileile. Vidonge vya flukonazoli vinafanya kazi vizuri, ila vikikutana na glibenklamidi vinaweza kushusha sukari hadi mtu akaanguka. Jeli ya mikonazoli nayo ina tatizo hilo, na kwa anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, haifai kabisa kwa sababu inaweza kumtoa damu. Nistatini haiingii kwenye damu kwa kiasi cha maana, kwa hiyo ni salama kwake, lakini inafanya kazi pale tu inapogusa. Mtu mzima kwa kawaida huandikiwa mililita 4 hadi 6 mara 4 kwa siku, baada ya chakula. Alielekezwa kuvua meno, kuizungusha dawa mdomoni dakika kadhaa, kuinamisha kichwa nyuma ili ifike kaakaani, ndipo ameze, akae nusu saa bila kula. Anayesukutua klorheksidini aipishe nistatini kwa angalau nusu saa, maana hudhoofishana.

Pembe za mdomo alipaka krimu ya klotrimazoli kidogo. Kwa aibu ya kibogoyo, binti yake alimnunulia kikopo chenye mfuniko na wakakubaliana ayavue taa ikishazimwa. Sukari yake ya asubuhi kabla ya kula ilikuwa 11.4 mmol/L, hivyo alirudishwa kliniki ya kisukari siku hiyohiyo.

Hatua ya 5: Rudi baada ya wiki mbili

Dawa huendelea siku mbili zaidi baada ya dalili kuisha. Kaakaa la bibi lilikuwa limerudi rangi yake isipokuwa sehemu ndogo katikati, lakini pembe za mdomo zilipona nusu tu. Hilo lilitarajiwa: meno yake yalikuwa yamesagika na hakuna krimu inayorudisha kimo cha meno. Alihitaji mapya. Ukipewa mapya, ya zamani usiyarudishe mdomoni "kwa dharura" kabla hayajasafishwa na kukaguliwa.

Wengine huota vinundu vidogo vingi kaakaani baada ya miaka mingi. Wekundu utaisha kwa dawa, vinundu vinaweza kubaki, na daktari ataamua kama viondolewe kabla ya kutengeneza meno mengine.

Usisubiri wiki mbili ukishindwa kumeza au ukisikia maumivu kifuani chakula kikishuka. Fangasi huenda wamefika kwenye umio, na huko matone hayatoshi. Hospitali siku hiyohiyo.