Kupangisha fleti kwa kampuni hapa Tanga: mkataba, ratiba ya malipo na nani atengeneze nini

Tanga tunasema waja leo waondoka leo, na wafanyakazi wa makampuni ndivyo walivyo. Mradi wa bomba la mafuta ghafi kule Chongoleani pamoja na bandari umeleta makandarasi wengi wanaotafuta nyumba za kulaza watu wao, na wengi wao wanazitaka Raskazone, Bombo au Sahare. Kwa mwenye fleti ni neema, ila kupangisha kwa kampuni si sawa na kupangisha kwa mwalimu mwenye familia yake. Mpangaji wa kawaida ni mtu mmoja: anasaini yeye, analipa yeye, analala yeye. Kwa kampuni hao ni watu watatu. Anayesaini ni meneja, anayelipa ni mhasibu ambaye mara nyingi yuko Dar, na anayelala ni fundi ambaye mkataba wenyewe hajawahi kuuona. Karibu kila ugomvi niliouona umetokana na mkataba uliomsahau mmoja wao.

Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho: fleti ya vyumba vitatu Raskazone, mkataba wa miezi 12 kuanzia tarehe 1 Machi.

Hatua ya 1: Jua unasaini na nani

Jina lililo kwenye fulana za wafanyakazi huenda si jina la kampuni kisheria. Omba nakala ya cheti cha usajili cha BRELA, namba ya TIN, na barua inayompa meneja huyo mamlaka ya kusaini. Jina la kwenye cheti ndilo liingie kwenye mkataba, herufi kwa herufi. Kisha uliza pesa zitatoka kwenye akaunti ya nani. Ukiambiwa ni kampuni nyingine, mkataba useme hivyo na useme pia kwamba aliyesaini bado ndiye mdaiwa.

Kwa upande wako, jina la TIN, jina la akaunti ya benki na jina la mpangishaji yafanane. Kama nyumba ni ya marehemu mzee, asaini msimamizi wa mirathi. Mhasibu wa Dar hatalipa akaunti ya mjomba kwa sababu tu wewe umesema ni sawa.

Hatua ya 2: Panga bei ukijua kuna kodi ya zuio

Hapa ndipo nilipoumia mwaka wangu wa kwanza. Tulikubaliana 800,000 kwa mwezi, pesa ikaingia pungufu. Nikampigia mhasibu, akaniambia kwa upole, "Mama, hiyo ni kodi ya zuio, wala haibaki kwetu." Alikuwa sahihi. Kampuni inapomlipa pango mkazi wa Tanzania inatakiwa kuzuia asilimia 10 na kuipeleka TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi wa malipo kuisha.

Kwa hiyo ukitaka 800,000 ifike mkononi, usiongeze tu asilimia 10 juu yake. 880,000 ukitoa 88,000 inabaki 792,000. Njia sahihi ni kugawa kwa 0.9: unapata 888,889 hivi. Mimi naandika 890,000, na mkataba unaeleza kwamba hicho ni kiasi kabla ya zuio.

Kila malipo yaje na cheti cha kodi ya zuio chenye TIN yako. Usipokipata hadi mwisho wa mwezi unaofuata, kidai kwa maandishi. Cheti ndicho kinachoonyesha kwamba ulichokatwa kilifika TRA, na utakihitaji ukipeleka ritani.

Mkataba uwe kwa shilingi. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani ya nchi, kwa hiyo ule mtindo wa "dola mia nne" umekwisha.

Hatua ya 3: Ratiba ya malipo ifuate mwendo wa ofisi yao

Kampuni nyingi hulipa siku 30 baada ya kupokea invoisi. Ukiipeleka tarehe 1 Juni ukitegemea pesa tarehe 1 Juni, utalipwa Julai na hakuna atakayeona amekosa. Nenda na mwendo wao, lakini uanze mapema.

Kwenye mfano wetu pango linalipwa kila miezi mitatu, mbele. 890,000 mara tatu ni 2,670,000. Zuio ni 267,000, inayoingia benki ni 2,403,000. Malipo ya kwanza yanaingia kabla funguo hazijatoka. Yanayofuata yanastahili tarehe 1 Juni, 1 Septemba na 1 Desemba, na invoisi zake zinatumwa tarehe 1 Mei, 1 Agosti na 1 Novemba. Tarehe zote sita ziandikwe kwenye mkataba, pamoja na barua pepe ya idara ya uhasibu. Usikubali kuandika barua pepe ya meneja wa mradi, maana naye ni wa kuja leo na kuondoka leo.

Amana ya miezi miwili, yaani 1,780,000, iombe kwa invoisi yake peke yake. Amana si pango, ni pesa yao iliyowekwa kwako. Ukiichanganya na pango kwenye karatasi moja, mhasibu atakata asilimia 10 ya jumla yote, na mwisho wa mkataba mtabishana kama urudishe ulichopokea au kilichoandikwa.

Mkataba ukishasainiwa mbele ya wakili, ulipiwe ushuru wa stempu TRA ndani ya siku 30. Ni asilimia 1 ya pango la mwaka: kwa 10,680,000 ni 106,800. Mimi naandika kwamba analipa mpangaji. Mkataba usio na stempu haupokelewi mahakamani kama ushahidi hadi ulipiwe pamoja na adhabu yake.

Hatua ya 4: Andika watakaolala

Niliwahi kukabidhi fleti kwa watu watatu. Mwezi wa nne jirani wa chini akanipigia kwamba karo limefurika uani. Nilipofika nikahesabu magodoro saba. Kampuni ilikuwa imeongeza zamu bila kuniambia, na karo lililokuwa likinyonywa mara moja kwa mwaka lilikuwa limejaa ndani ya miezi minne. Mkataba wangu ulisema "makazi ya wafanyakazi" bila idadi, gari la kunyonya nikalilipia mwenyewe.

Siku hizi naandika: wasizidi wanne, majina yao yanakuja kwa barua ya kampuni kabla hawajaingia, na kila anayebadilishwa anakuja na barua mpya. Barua hiyo ndiyo wanayopeleka pia kwa mwenyekiti wa mtaa. Wakizidi wanne, kunyonya karo ni juu ya kampuni. Na kampuni haiwezi kuipangisha fleti kwa kandarasi mwingine bila ridhaa yangu ya maandishi.

Ongeza mstari kuhusu LUKU. Tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kwenye LUKU, kwa hiyo anayenunua umeme ndiye anayeilipa ingawa jengo ni lako. Ama mkubaliane iko ndani ya bei, ama umrudishie. Vijana wanaolala huyaona makato hayo na hulalamika, tena kwa haki.

Hatua ya 5: Matengenezo, na hasa kiyoyozi

Kwa jengo lenye wapangaji zaidi ya mmoja, Sheria ya Ardhi ya 1999 inamwachia mpangishaji paa, kuta za nje na kuta kuu, mifereji mikuu na sehemu za pamoja kama ngazi. Hayo usijaribu kumtupia mpangaji. Naongeza nyaya zilizo ndani ya ukuta na mabomba yaliyozikwa. Kampuni inabeba balbu, mipira ya koki, vitasa, vioo vilivyovunjwa na kuzibua sinki.

Mgogoro uko kwenye kiyoyozi. Upepo wa bahari hapa una chumvi, na kile kisanduku cha nje kinachotazama maji kinaliwa kutu haraka hata kama anayekitumia ni mwangalifu. Wakati huohuo vijana wa zamu hukiwasha usiku na mchana na hawasafishi chujio. Dalili kwa nje zinafanana: hakipoozi, mabomba yanaganda barafu, maji yanachuruzika ukutani. Utajuaje kosa ni la nani?

Safisha kwanza, hukumu baadaye. Fundi aoshe chujio na mapezi ya ndani, kisha akiwashe nusu saa. Kikirudi kupoza, lilikuwa vumbi, na gharama ni ya kampuni. Kisipopoza, apime gesi na akague mabomba ya kisanduku cha nje. Gesi ikiwa imevuja palipoliwa na kutu, gharama ni yangu. Mkataba unasema kampuni itakisafisha kila miezi mitatu na kunitumia risiti ya fundi. Risiti zikikosekana, ubishi juu ya vumbi hauna nafasi.

Kisha weka muda na kiwango. Maji yanayovuja au hitilafu ya umeme: natuma fundi ndani ya saa 24. Mengine: siku 7. Taarifa itoke kwa mtu mmoja aliyetajwa na kampuni, kwa wasapu na picha, maana wanne wakikupigia kila mmoja kwa wakati wake hutajua umeambiwa nini. Nikipitiliza muda huo, kampuni inaweza kutengeneza yenyewe hadi shilingi 200,000 na kukata kwenye pango linalofuata kwa risiti.

Angalia hesabu ya makato hayo. Tuseme wametengeneza bomba kwa 180,000. Zuio linabaki la pango zima, 267,000, halafu ndipo 180,000 inatolewa. Inaingia 2,223,000. Mhasibu akitoa matengenezo kwanza kisha akapiga asilimia 10, cheti kitaonyesha pango dogo kuliko la mkataba, na wewe ndiye utakayeulizwa.

Hatua ya 6: Kuingia na kutoka

Siku ya funguo mpite chumba kwa chumba na karatasi ya makabidhiano: namba ya mita ya LUKU na uniti zilizobaki, usomaji wa mita ya maji, hali ya kila kiyoyozi kikiwa kimewashwa, idadi ya funguo. Picha zitumwe kwa barua pepe siku hiyohiyo ili ziwe na tarehe. Bili ya Tanga UWASA iko kwa jina lako, kwa hiyo mkataba useme wanaleta risiti ya kila mwezi. Deni la maji litabaki na nyumba, wao watakuwa wameshaondoka.

Kuondoka mapema nako kuandikwe. Mradi ukisimama, kampuni itasema haina kazi Tanga tena. Mimi naruhusu notisi ya miezi miwili, lakini baada ya miezi sita ya kwanza tu, na pango la kipindi cha notisi linalipwa.

Wakitoka, karatasi ileile inatolewa. Kilichochakaa kwa matumizi ya kawaida hakikatwi. Kilichovunjwa kinakatwa kwa risiti ya fundi. Salio la amana linarudi ndani ya siku 30 kwenye akaunti iliyolipa. Usimkabidhi meneja pesa taslimu, hata akikuambia ofisi ya Dar imeshafungwa.