Gemu ya sehemu: pointi ziende kwa kosa lililorekebishwa

Jamani mnaotengeneza gemu za hesabu za watoto wa praimari, msitoe pointi kwa kila jaribio, maana mtoto anashtukia mapema anaanza kubonyeza ovyo akusanye tu. Pointi zitoke pale anaporudia na kupatia. Mfano swali ni 1/2 + 1/3, wengi wataandika 2/5 kwa sababu wamejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, sasa usimwekee iksi nyekundu, mchoree 2/5 ya chapati kando ya ile nusu aliyoanza nayo, aone mwenyewe kwamba ameongeza kipande halafu chapati imepungua, hapo ndo anashtuka. Kisha mwache achukue chapati nzima mbili, moja ya 1/2 na moja ya 1/3, azikate vipande sita sita, apate 3/6 na 2/6, jumla 5/6. Akipatia mpe pointi zilezile za aliyepatia mara ya kwanza, ila swali linalofuata badilisha namba, weka 1/4 + 1/3, la sivyo atakuwa amekariri 5/6 tu. Na majibu ya kuchagua A, B, C yaondoe kabisa, akishakosea mawili la tatu analipata bila kufikiri.