Kabla hujaandika maoni ya uwiano wa miaka miwili

Swali la mtihani wa uhasibu kuhusu ukwasi, yaani uwezo wa kulipa madeni ya muda mfupi, na faida huwaangusha wengi kwenye maoni, si kwenye hesabu. Mwanafunzi anaandika "uwiano umepanda, hivyo hali ni nzuri" na kuhamia swali linalofuata. Kabla ya kushika kalamu, hakikisha kwanza kwamba miaka yote miwili imepimwa kwa kanuni ileile. Ukitumia faida kabla ya riba na kodi mwaka wa kwanza, usigeukie faida baada ya kodi mwaka wa pili.

Halafu itazame stoki, maana ndiko mambo mengi hujificha. Chukua biashara ambayo mwaka wa kwanza ilikuwa na stoki ya 40, wadaiwa 35 na fedha taslimu 25, dhidi ya madeni ya muda mfupi ya 50 (yote kwa maelfu). Mwaka wa pili stoki ni 90, wadaiwa 50, taslimu 10 na madeni 60. Uwiano wa mali za muda mfupi kwa madeni umetoka 2.0 hadi 2.5. Unapendeza! Sasa ondoa stoki: 60 kwa 50 ni 1.2, na 60 kwa 60 ni 1.0. Kilichoongezeka ni bidhaa zilizolala ghalani, huku fedha ya kulipia madeni ikipungua.

Upande wa faida, mauzo yalipanda kutoka 400 hadi 480, lakini faida ghafi ilibaki 120 miaka yote miwili. Kiwango chake kimeshuka kutoka asilimia 30 hadi 25. Faida halisi ni 40, kisha 38.4, yaani asilimia 10 na 8. Ghafi imeshuka pointi 5, halisi pointi 2 tu. Kwa hiyo usilaumu gharama za uendeshaji, ambazo zilitoka asilimia 20 ya mauzo hadi 17. Tatizo liko kwenye bei ya kuuzia au gharama ya bidhaa.

Jambo la mwisho la kukagua, ambalo mimi huliona zito kuliko yote, ni thamani ya stoki ya mwisho wa mwaka. IAS 2, kiwango cha kimataifa cha uhasibu kuhusu stoki, inataka stoki ihesabiwe kwa gharama au kwa thamani halisi inayotarajiwa kupatikana ikiuzwa, ipi ndogo. Ikiwa stoki ya 10 kati ya hiyo 90 imepitwa na wakati na haiuziki, ule uwiano wa 2.5 unashuka hadi 2.33 na faida ghafi inakuwa 110, karibu asilimia 22.9. Kosa moja limepamba ukwasi na faida kwa pamoja.

Maoni yako yaweza kusomeka hivi: "Uwiano umepanda kwa sababu ya stoki, ambayo sasa hukaa takriban siku 91 badala ya 52. Bila stoki, ukwasi umedhoofika. Mauzo yameongezeka kwa asilimia 20 bila kuongeza faida ghafi. Huenda bei zilipunguzwa, ila taarifa hizi pekee hazitoshi kuthibitisha."