Somo: Fuata salio mstari kwa mstari, ujue hela yako ilikatwa wapi

Wengi tukifungua taarifa ya miamala tunakimbilia safu ya makato. Mimi nawashauri muanze na safu ya salio, kwa sababu salio ndilo linaloonyesha hata kile ambacho hukutegemea.

Hatua ya kwanza, omba taarifa ya mwezi mzima kwenye menyu ya simu au programu ya mtandao wako. Meseji hazitoshi, nyingine huwa tumeshazifuta. Ipange kuanzia muamala wa zamani kwenda wa karibuni.

Hatua ya pili, chukua salio la mstari wa juu, jumlisha kilichoingia, toa kiasi kilichotoka, toa ada na tozo, kisha linganisha na salio la mstari unaofuata. Hapo usiharakishe.

Tuchukue mfano wa mama anayeuza vitunguu Mbuyuni, Moshi. Ana salio la 31,350. Jioni ananunua umeme wa 35,000 na muamala unakubali. Inakuwaje, wakati hela haitoshi? Simu ilimuuliza kama aongezewe, akabonyeza kukubali. Pengo la 3,650 likajazwa kwa mkopo wa papo kwa papo, salio likabaki sifuri. Kesho yake mteja anamtumia 60,000, naye anakuta salio 56,100. Zimekatwa 3,900. Toa mkopo wa 3,650, inabaki 250: hiyo ndiyo gharama ya mkopo. Hakuibiwa, ila deni hujilipa lenyewe hela ikiingia tu, na likichelewa gharama inaweza kuongezeka.

Hatua ya tatu, tofauti isipoelezeka, andika namba ya muamala, tarehe na saa, upige huduma kwa wateja. Muamala ulioshindikana nao utafutie mstari wa marejesho; usipouona, dai. Wakikuzungusha, peleka malalamiko Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ina tawi Arusha, ukiwa na ushahidi kwamba ulianza kwa mtoa huduma.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali, Sakina: Mwalimu, benki yangu imekata 2,500 halafu 450 siku hiyo hiyo. Nimekatwa mara mbili?

Jibu: Hapana, dada. Zidisha 2,500 kwa asilimia 18, unapata 450. Hiyo ni VAT ya ada ileile, benki nyingine huiandika mstari wake. Cha kuuliza ni ile 2,500 ni ya nini: kuendesha akaunti, meseji za taarifa, au kadi? Kama ni huduma usiyoitumia, andika barua iondolewe.

Swali, Usa River: Kutuma hakuna tozo, mbona kutoa naona ipo?

Jibu: Tozo ya kutuma ilifutwa Julai 2023, ya kutoa ikabaki. Ada ya mtandao ni kitu kingine, hiyo unalipa kote kuwili.

Swali, Majengo: Wakala alinidai mia tano juu ya makato. Siioni popote.

Jibu: Hutaiona, kaka, maana ulimpa mkononi. Wakala analipwa kamisheni na mtandao, hapaswi kukudai zaidi. Chukua namba yake ya uwakala iliyo kwenye meseji ya muamala, uiripoti kwa mtandao husika.