Nyota ya ncha nane na msalaba wake, kwa bikari na rula tu

Vigae vya nyota na msalaba vilibandikwa sana Iran karne ya 13. Vipo vya kaburi la Imamzade Yahya kule Varamin, vingine vimeandikwa mwaka 1262 wa Miladia, na miaka ya 1270 Abaka Khan, mtawala wa Kimongolia wa Iran, naye akavitumia kwenye kasri lake la Takht-e Soleyman. Watu wengi wanadhani ule msalaba ulichorwa, kumbe hauchorwi, ni nafasi inayobaki nyota nne zikikutana.

Haya tuanze. Piga mstari mlalo, tia nukta katikati, fungua bikari sm 5 uzungushe duara, litakata mstari sehemu mbili. Sasa panua bikari iwe kama sm 8, simamisha sindano kwenye sehemu moja kata tao juu na chini, hamia ya pili ufanye vilevile, halafu unganisha matao yanapokatana, huo ndo wima wako na utapita katikati kabisa, usipopita rudia maana huko mbele hakuna kitakachokaa.

Rudisha bikari sm 5, ila usipime kwa rula, ipimie kwenye duara lenyewe. Una sehemu nne ambazo mistari imekata duara: simama kila moja ukate tao kwa nje. Matao ya jirani yatakutana kwenye kona, ziko nne, ziunganishe upate mraba wa sm 10 unaokumbatia duara. Piga ulalo kona kwa kona, duara likatwe sehemu nne zingine.

Zipe namba 1 mpaka 8 kwa kuzunguka, 1 iwe juu kabisa. Unganisha 1-3-5-7, halafu 2-4-6-8. Hiyo miraba miwili iliyopandana ndo nyota, futa mistari ya ndani.

Kabla ya kufuta pima: kila ncha ina vibega viwili, vyote 16 viwe kama sm 2.1. Kimoja kikiwa 1.9 na jirani yake 2.3, basi bikari iliteleza.

Chora miraba minne ya sm 10 iliyogusana, kila mmoja na nyota yake ndani, na msalaba utajitokeza wenyewe katikati. Mimi mara ya kwanza niliigeuza nyota kidogo ili sehemu bapa ndo ikae juu, nikaona inapendeza, nyota zikagoma kugusana na msalaba sikuuona, nikafuta karatasi nzima. Lazima ncha moja iwe juu wima.

Ukiwa na ukuta mkubwa usiunganishe duara moja baada ya jingine, kila kosa la nusu milimita linajilimbikiza, nyota ya kumi ishahama nusu senti. Piga kwanza gridi yote ya miraba kuanzia katikati ya ukuta kwenda kando, ili vipande vilivyokatwa vilingane kushoto na kulia.