Mbio za nyika shuleni: mzunguko mmoja kwa rika zote

Ukitengeneza njia ndefu inayotoka shuleni na kurudi, utahitaji wasimamizi wengi na bado watoto watakutana na bodaboda. Mimi huchora mzunguko mmoja wa kilomita moja usiovuka barabara, kila rika likakimbia kwa idadi yake ya mizunguko.

1. Tembea, kisha pima. Njia itembee kwa miguu, ukiondoa vigae vya chupa, misumari na mbigili, maana wapo watakaokimbia peku. Mashimo yafukie. Pima kwa tepu ya mita 50, kwani simu hukosea kwenye kona. Shule moja upande wa Pugu mzunguko ulitoka mita 940, tukauzungusha nyuma ya mwembe mkubwa kupata mita 60 zilizopungua. Kona ya kwanza iwe mbali na mstari wa kuanzia, mita 200 hivi. Ikiwa karibu, kundi zima hufika limebanana na watoto huangushana.

2. Weka alama. Bendera nyekundu ziwe kushoto kwa mkimbiaji, nyeupe kulia, na kutoka bendera moja aione inayofuata. Funga utepe kwenye kila kijia kinachochepuka.

3. Gawa kwa umri, si kwa darasa. Darasa la sita unaweza kukuta wa miaka 11 na wa miaka 14, kwa hiyo angalia cheti cha kuzaliwa. Miaka 8–10 mzunguko mmoja, 11–13 miwili, 14–15 mitatu, 16 na kuendelea minne. Rika moja likimaliza ndipo jingine lianze. Kila mzunguko ukikamilika, mkimbiaji apewe mpira wa kufungia pesa auvae mkononi. Hapo hakuna ubishi wa nani kakimbia mingapi.

4. Wapange wasimamizi. Kwa kilomita moja wanane hunitosha, kila mmoja akimwona mwenzake. Msimamizi asimame kwenye mdomo wa njia isiyo sahihi, aizibe kwa mwili wake; akisimama pembeni tu akinyoosha mkono, mtoto aliyechoka hamwoni. Mtoto akianguka, apulize filimbi na kuinua bendera, abaki naye mpaka huduma ya kwanza ifike.

5. Anza saa 1:00 asubuhi, maliza kabla ya saa 3:00. Juni hadi Agosti ndiyo miezi nafuu. Unyevu wa Dar huzuia jasho kukauka, hivyo mwili haupoi. Anayepepesuka au kujibu ovyo, hata kama bado anatoka jasho, apelekwe kivulini, amwagiwe maji mengi na kupepewa papo hapo, huku gari la hospitali likiitwa.

6. Hesabu. Mwalimu mmoja afuate nyuma ya mkimbiaji wa mwisho. Walioanza 42, waliomaliza 39, walioacha na kuandikwa na wasimamizi 2: kuna mtoto mmoja hajaonekana. Rika linalofuata halianzi mpaka apatikane.