Kabla hujampelekea meneja muhtasari wa faili la malalamiko

Tuchukue mfano wa duka la friji hapa Mtwara mjini. Mama mmoja muuza samaki wa Mikindani kanunua friza tarehe 4 Machi kwa laki tisa na nusu, tarehe 19 anasema haigandishi. Faili linakufikia likiwa na risiti ya EFD, kadi ya waranti, ripoti ya fundi na meseji za Wasapu kibao, na meneja anataka kujua abadilishe, alipe au akatae.

Usianze na ripoti ya fundi hata kama ndo karatasi ya juu. Panga kila kitu kwa tarehe, alafu soma meseji zote toka ya kwanza, hasa zile zilizotoka upande wetu. Humu tarehe 21 kijana wa kaunta kamwandikia "usijali mama ikishindikana tunakubadilishia", mstari mmoja tu katikati ya meseji za kuelekezana nyumba, na ukiuruka meneja atasaini barua ya kukataa alafu mama anakuja dukani na simu mkononi. Nakili maneno yenyewe, nani kaandika na lini, usiyageuze kuwa "mteja aliahidiwa kusaidiwa" maana hiyo haimwambii meneja kitu.

Ripoti ya fundi ya tarehe 26 inasema kompresa imeungua kwa umeme mdogo, na kwenye kadi waranti haigusi matatizo ya umeme, kwahiyo unaona kama kesi imeisha. Isome tena. Hajaandika alipima volti ngapi, wala kama friza ilikuwa na frijigadi. Umeme mdogo unaunguza kompresa kweli, lakini kompresa inaweza kufa kwa kasoro ya kiwandani pia, so kwenye muhtasari andika "fundi anasema ni umeme", usiandike "umeme uliunguza". Mpigie kabisa, akikwambia alipima weka namba, akikwambia alikisia weka hivyohivyo.

Alafu mteja anataka nini hasa? Watu wengi wanaandika "anadai fidia" wanamaliza. Mama huyu mwanzo aliomba friza nyingine tu, hela ya samaki walioharibika, 180,000, kaidai tarehe 2 Aprili baada ya ripoti kutoka na sisi kukaa kimya wiki nzima. Hayo madai mawili yatenganishe, meneja anaweza kukubali la friza akakataa la samaki, na huo ukimya wetu uandike hata kama unauma. La samaki halina picha wala risiti, sema ushahidi haupo kwenye faili, sio kwamba mama anadanganya, pengine hakuna aliyemuomba.

Yote yakae ukurasa mmoja, juu kabisa iwe ni kipi kinaamuliwa na mama kaambiwa atajibiwa lini, na ile meseji ya tarehe 21 iprinti uibane nyuma yake.